Barua ya Kurasa Mbili: Jinsi Kijana Wetu Mhandisi Alivyojieleza Mbele ya Wafadhili

Maelezo ya Kamati Ndogo ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka

 

Kila mwaka kamati yetu husimama hapa na jedwali la mapato na matumizi. Jedwali lipo ukurasa wa nyuma, limekaguliwa, na mwenye swali atuulize wakati wa chai. Leo tumeomba dakika chache tueleze matumizi ya mstari mmoja tu, ule ulioandikwa "msaada wa maombi ya ufadhili". Mwaka jana wajumbe watatu walituuliza kwa nini chama kinalipia pasipoti na mitihani ya Kiingereza ya watu ambao bado hawajapata chuo. Swali lile lilikuwa la haki. Tumeona njia nzuri ya kulijibu ni kuwasimulia barua moja, iliyoandikwa na kijana mmoja wa kwetu. Ameturuhusu tuisimulie, ila jina lake na la kijiji chake tumeyaacha.

Kijana huyu ni mhandisi wa ujenzi, amezaliwa kijiji kimoja cha upande wa Ruangwa. Wazazi wake ni wakulima wa korosho na ufuta, kama wazazi wa wengi wetu tuliomo humu. Alisoma sekondari ya kata, akaenda kidato cha tano nje ya mkoa, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akamaliza mwaka 2019. Baada ya kuhangaika kidogo alipata kazi ya mkataba kwenye visima na miradi ya maji vijijini. Mwaka 2023 aliomba ufadhili wa shahada ya pili Ujerumani, kupitia mpango wa DAAD uitwao EPOS, ambao ni wa watu waliokwisha kuanza kazi katika nchi kama yetu. Alikosa. Alipata barua pepe fupi ya kumshukuru kwa kuomba, bila sababu.

Mwaka uliofuata akaja kwetu. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alikuwa na wasiwasi. Mpango ule unataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na kwa kawaida shahada yake ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Kijana wa mjini mwenye baba wa kumlipia anaweza kumaliza chuo leo, akafanya kazi miaka miwili, akaomba hata mara tatu kabla muda haujaisha. Huyu wa kwetu alikaa zaidi ya mwaka mzima bila kazi ya kueleweka, na fedha ya mtihani wa Kiingereza aliikusanya kidogo kidogo. Alipofika kwetu alikuwa amebakiwa na nafasi moja, labda moja na nusu.

Tulimwambia alete ile barua ya kujieleza aliyotuma mara ya kwanza, ile ambayo vijana huiita motivesheni leta. Kwa wasioijua, hii si barua ya kuomba kazi, wala si wasifu. Wasifu unaorodhesha ulikosoma na ulikofanya kazi. Barua ya kujieleza inajibu maswali ambayo wasifu hauwezi kuyajibu: kwa nini kozi hii, kwa nini sasa, na ukirudi utafanya nini ambacho leo huwezi. Kwa mpango huu isizidi kurasa mbili, ihusishe kazi unayoifanya sasa, na iwe na saini ya mkono. Mwombaji anaruhusiwa kuchagua hadi kozi tatu, lakini anaandika barua moja tu, na ndani yake aeleze kwa nini amezipanga kwa mfuatano ule. Maombi yenyewe yanapelekwa moja kwa moja kwenye chuo kinachofundisha kozi. Chuo ndicho kinachochambua kwanza na kupendekeza majina. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa barua ni mwalimu wa somo lenyewe, mtu wa maji, ambaye ana rundo la barua mezani.

Tukaisoma ile barua ya kwanza. Tuseme ukweli, sisi wenyewe ilitugusa. Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa wa shida. Aliandika (alikuwa ameandika kwa Kiingereza, sisi tunawapa maana yake): "Nimezaliwa katika familia maskini sana katika mkoa ulio nyuma kimaendeleo. Baba yangu ni mkulima mdogo. Nimepitia mateso mengi lakini sikukata tamaa." Halafu ukaja ukurasa wa pili, wa sifa. Ujerumani ni nchi iliyoendelea kwa teknolojia, chuo kile ni maarufu duniani, maji ni uhai, naye ana shauku kubwa tangu utotoni. Mwisho akaahidi kurudi kuleta maendeleo katika nchi yake.

Mjumbe mmoja mzee, ambaye kwa ukoo ni mjomba wa kijana, alifuta machozi. Na sisi kwetu mnajua mjomba ni nani. Akasema barua ni nzuri, wazungu wana roho ngumu. Sisi tulio wahasibu katika kamati tulikaa kimya kidogo, kisha tukamwomba mzee ruhusa ya kuisoma tena kwa namna tunayosoma madai ya malipo. Mtu akileta dai, hatuulizi kama ana shida. Tunauliza risiti iko wapi. Tukachukua kalamu nyekundu, na pembeni ya kila sentensi tukaandika neno moja: "risiti?" Tulipofika chini ya ukurasa wa pili hatukuwa na sentensi hata tano zenye risiti. Shida ilitajwa, lakini haikuonekana imemfanya afanye nini. Shauku ilitajwa, lakini hakuna tendo lililoionyesha. Na kibaya zaidi, ukiondoa jina la mkoa, barua ile ingeweza kusainiwa na mtu yeyote wa nchi yoyote anayeomba kozi yoyote.

Baadaye kijana alikiri kwamba nusu ya sentensi zile alizipata steshenari moja mjini, ambako wanauza barua zilizokwisha kuandikwa, unabadilisha jina na kozi tu. Ndugu zetu wenye watoto, hili lichukueni kwa uzito. Mwalimu anayesoma maombi kila mwaka anazijua sentensi hizo kama sisi tunavyojua risiti za kughushi. Hahitaji hata kufika aya ya tatu.

Kamati ina mwiko mmoja: hatumwandikii mtu barua. Tunauliza maswali, yeye anajibu, sisi tunaandika majibu yake kwenye daftari, kisha tunamrudishia daftari akaandike mwenyewe. Tulikaa naye Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza ilikaribia kwisha bila kitu. Kila tukiuliza umefanya nini kazini, anajibu "nasimamia miradi". Mpaka yule mjomba, ambaye alikuwa ametoka kijijini wiki hiyo, akamuuliza kwa ukali kidogo:

"Sasa mwanangu, ile pampu ya kule iliyokuwa inaungua kila mara, si wewe uliyeitengeneza?"

"Mjomba, ile ilikuwa kazi ndogo tu. Sikununua hata kifaa kimoja."

"Ieleze."

Naye akaeleza. Tunaomba tuwaeleze nanyi polepole, kwa sababu barua yote iliyofuata ilijengwa juu ya jambo hili.

Kijiji kile kina kisima kirefu kimoja chenye pampu ya umeme wa jua. Mota ya pampu iliungua mara mbili katika miezi 14. Kila ikiungua, wanakijiji wanachangishwa, fundi anakuja, inafungwa mpya, na kina mama wanarudi kwenye mabwawa mpaka hapo. Wengi walisema jua kali linaunguza mota. Wengine walisema mengine, mnayajua. Kijana alipotumwa pale hakuanza na pampu. Aliomba faili la kisima. Alitafuta karatasi ya majaribio iliyofanywa siku kisima kilipochimbwa, ambapo mafundi husukuma maji kwa saa nyingi mfululizo huku wakipima maji yanashuka kiasi gani ndani ya kisima, ili wajue kisima kinaweza kutoa kiasi gani bila kukauka. Karatasi ilisema uniti 3.6 kwa saa. Uniti moja, kama mnavyoiona kwenye ankara, ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Kisha akapima pampu iliyofungwa inasukuma kiasi gani. Alitumia pipa na saa ya simu. Ilikuwa inasukuma uniti 6 kwa saa.

Maana yake ni kwamba pampu ilikuwa inanyonya maji haraka kuliko mwamba unavyoyarudisha. Akateremsha ndani ya kisima utepe wa kupimia, wenye kichwa kinacholia kikigusa maji. Asubuhi kabla pampu haijawashwa maji yalikuwa mita 31 kutoka juu. Ikawashwa saa tatu asubuhi, na kila nusu saa akapima. Kufika saa sita mchana maji yalikuwa yameshuka karibu kufikia pampu yenyewe, iliyoning'inizwa mita 58. Baada ya hapo pampu inavuta hewa, na mota ya pampu ya kisimani hupozwa na maji yanayopita pembeni yake. Maji yakikosekana inapata joto mpaka inaungua. Waliofunga pampu waliichagua kwa kuangalia ukubwa wa tangi, hawakuangalia kisima.

Dawa yake haikugharimu fedha. Alibana vali iliyo juu ya kisima mpaka pampu ikatoa uniti 3.2 kwa saa, chini kidogo ya uwezo wa kisima, akaweka alama ya rangi kwenye vali na akamfundisha mhudumu wa chombo cha maji cha kijiji asiifungue zaidi ya pale. Zamani pampu ilifanya kazi saa tatu ikakauka, ikatoa uniti 18. Sasa inafanya kazi saa nane za jua bila kusimama, inatoa uniti 25 na zaidi. Maji yameongezeka kwa kupunguza kasi. Mpaka tunaongea naye, mota ilikuwa na miezi 11 haijaungua.

Tukamuuliza, kwa hiyo kijiji kimepona? Akasema hapana. Kijiji kina watu 1,900. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ambayo kwa pale ni uniti 47 na nusu. Kisima kile kimefika mwisho wake, kinatosha watu kama elfu moja tu. Kinahitajika kisima cha pili, na hapo ndipo yeye hajui. Hajui wachimbe wapi, kwa sababu kwa elimu aliyo nayo anaweza kupima kisima kimoja, lakini hawezi kusoma maji ya eneo zima chini ya ardhi, yanatoka wapi, yanarudishwa na mvua kiasi gani, na visima viwili vikikaribiana vitanyang'anyana au la.

Mjomba akanyoosha mikono. Akasema, "Basi si hicho ndicho unachokwenda kusomea?"

Kijana alikaa kimya, kisha akacheka. Alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu kwa nini anataka kusoma, na sababu yenyewe hakuitaja.

Barua mpya ilianza hivi: "Mwezi Februari nilipima kisima ambacho mota yake ilikuwa imeungua mara mbili, nikakuta pampu inasukuma uniti 6 kwa saa kutoka kwenye kisima kinachoweza kutoa 3.6." Hakukuwa na salamu ndefu wala maji ni uhai. Aya ile ilieleza tatizo, kipimo, alichofanya na matokeo. Aya ya pili ilieleza mahali alipokwama, yaani kisima cha pili. Aya ya tatu ikaunganisha kukwama huko na kozi. Chaguo lake la kwanza lilikuwa kozi ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji ya Chuo Kikuu cha Stuttgart, iitwayo WAREM, inayofundishwa kwa Kiingereza. Tulimtuma akasome orodha ya masomo ya kozi hiyo mstari kwa mstari, na ya zile nyingine mbili alizochagua, ili aseme masomo gani ya maji ya chini ya ardhi yanajibu swali lake, na kwa nini Stuttgart iwe ya kwanza na zile zifuate. Katika barua ya zamani alikuwa amezisifia zote tatu sawasawa, jambo linalomwonyesha msomaji kwamba mwombaji anatafuta safari.

Na umaskini je? Hili lilileta ubishi mkubwa kuliko yote, na tungependa wazazi mlisikie. Mjumbe mmoja alitaka ufutwe wote, akisema tumechoka kujitangaza kwa shida. Mjomba alitaka ubaki, kwa sababu ni kweli. Wote wawili walikuwa na hoja. Mwishowe tulimuuliza kijana swali moja: ni shida ipi iliyokufanya ufanye jambo ambalo hukupanga kulifanya?

Akakumbuka msimu wa korosho wa 2018. Ninyi mnaukumbuka. Minada ilikwama, wakulima walikataa bei ya wanunuzi, mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho Mlimani na nyumbani hakukuwa na fedha ya kumtumia. Wakati wa likizo akaenda kufanya kibarua kwenye mtambo wa kuchimba visima, kubeba mabomba na kuosha mchanga unaotoka chini. Pale ndipo alipomwona fundi mmoja mzee akijaza karatasi ya majaribio ya kisima, na kumuuliza kila namba ina maana gani. Miaka mitano baadaye ndiyo maana alijua faili la kisima lina karatasi ya namna ile, na kwamba aitafute kabla ya kugusa pampu.

Kwenye barua jambo hili lilichukua sentensi tatu. Mwalimu wa Stuttgart hajui korosho zilikwama vipi, kwa hiyo sentensi moja ikamweleza kwamba familia inategemea zao moja linalouzwa mara moja kwa mwaka, na mwaka ule malipo yalichelewa. Ya pili ikasema alikwenda kufanya kibarua wapi. Ya tatu ikasema alijifunza nini pale. Neno "maskini" halikutokea popote, wala "mateso". Msomaji alibaki anajua huyu ni mtoto wa nani, na wakati huohuo amepata ushahidi mwingine kwamba ni mtu wa kupima. Mzee wetu aliisoma akasema hii ni fupi mno kwa miaka yote ile. Ni kweli, mjomba. Ni fupi.

Kulikuwa na kingine tulichokikata kwa shingo upande. Kijana alitaka kuanza na mradi wa karanga wa Nachingwea, ule wa Waingereza baada ya vita, ulioletewa matrekta, reli na bandari ya Mtwara, ukaachwa mwaka 1951. Alitaka kusema walilima kabla ya kupima vizuri udongo na mvua, na kwamba pampu ile ilikuwa mradi wa karanga mdogo. Sisi tuliupenda mfano huo, na baadhi yetu babu zetu walifanya kazi pale. Lakini ulikula nusu ukurasa na haukuwa juu yake. Ukaondoka.

Aya ya kurudi nayo ilibadilika. Badala ya "nitaleta maendeleo", aliandika kwamba karatasi za majaribio ya visima vya eneo lake ziko kwenye mafaili, nyingine zimeliwa na mchwa, na kwamba kazi yake ya kwanza akirudi ni kuziingiza zote kwenye daftari moja la kompyuta pamoja na mahali kila kisima kilipo, ili kabla ya kuchimba kingine watu waangalie vya jirani vilitoa nini. Kazi hiyo mtu mmoja mwenye mkataba anaweza kuifanya. Mwajiri wake akakubali kuandika kwenye barua yake kwamba atampokea tena.

Na hiyo barua ya mwajiri ilitaka kutuangusha. Baada ya kijana kumaliza kuandika, sisi wahasibu tulifanya kazi tunayoijua. Tuliweka nyaraka zote mezani na kulinganisha tarehe, kama unavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Wasifu ulisema alianza kazi Machi 2021. Barua ya mwajiri ilisema Julai 2021. Barua ya kujieleza ilisema "miaka mitatu na nusu". Hakuna aliyedanganya. Machi hadi Juni alikuwa anajitolea bila mkataba, na mwajiri alihesabu kuanzia mkataba. Lakini msomaji wa mbali anaona namba tatu zisizokubaliana, naye hana njia ya kukupigia simu. Wasifu ukarekebishwa uonyeshe miezi ile minne kuwa ya kujitolea, na barua ikasema kazi ya mkataba tangu Julai 2021. Miaka miwili inayotakiwa ilitimia hata hivyo. Tulipoangalia nakala za maombi ya mwaka 2023 tulikuta tofauti ileile imo humo. Hatuwezi kusema ndiyo iliyomkosesha, ila ilikuwa pale.

Lazima pia tuseme mipaka ya barua, maana wazazi wengine wakitusikia wataleta watoto wote. Barua haiwezi kupandisha alama za chuo zilizo chini ya kiwango. Haiwezi kurudisha miaka sita iliyokwisha kupita. Haiwezi kufidia mtihani wa Kiingereza ambao haujafanywa, na huo ndio unaogharimu. Kijana huyu alikuwa na pasipoti, lakini tunao wawili nyuma yake ambao hawana, na pasipoti pekee ni shilingi 150,000. Ongeza ada ya mtihani inayokwenda laki kadhaa, nauli ya kwenda Dar es Salaam kuufanya, na kuthibitisha nakala za vyeti. Ule mstari wa jedwali mliotuuliza ndio huo. Hatujamlipa mtu posho ya kuandika barua, na hatutalipa.

Nakala ya mwisho ilikuwa kurasa mbili kasoro mistari minne. Aliisaini mbele yetu kwa kalamu ya wino wa bluu, tukaiskani, akaituma na vielelezo vyake siku tisa kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Majibu yalipo sasa ni haya. Chuo kimemwandikia kwamba kimempendekeza kwa DAAD, na uamuzi wa ufadhili bado haujatoka. Mwaka 2023 hakufika hata hatua hiyo. Akipata ataondoka, asipopata nafasi yake katika mpango huu imekwisha, na itabidi atazame Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela au mpango mwingine wenye masharti tofauti. Barua anayo, na kisima cha pili bado hakijachimbwa. Wiki iliyopita alitutumia ujumbe mfupi kutoka kijijini: mota sasa ina miezi 19, na mhudumu amepaka upya ile alama ya rangi kwenye vali kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeanza kufutika.

Daftari lake la maswali tumelihifadhi. Vijana wawili tuliowataja watakaa na kamati Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu, saa nne asubuhi. Mmoja ni fundi umeme, mwingine amesomea madini na anafanya kazi kwenye kinywe huko Ruangwa. Tumewaambia waje na barua zao za zamani kama walivyoziandika, wasizirekebishe kwanza, na mjomba amesema atakuwepo.